Gumzo Linapokauka: Kutafuta Chanzo cha Majibu Mafupi Kwenye WhatsApp na Namna ya Kulirekebisha

Malalamiko ninayoletewa kuhusu kuchati yanafanana sana. Mtu ananionyesha simu yake na kusema, "Huyu alikuwa ananiandikia mpaka usiku wa manane, sasa hivi ananijibu 'poa' tu." Nimesoma mazungumzo mengi ya namna hiyo, ya wachumba, ya marafiki waliotenganishwa na kazi, ya dada aliye Muskati na mdogo wake aliyebaki Tanga. Karibu kila mara mwenye simu huninyooshea jibu la mwenzake, na karibu kila mara mimi hupandisha skrini juu kidogo ili nisome alichoandika yeye kabla ya jibu hilo. Jibu fupi mara nyingi limetengenezwa na ujumbe uliolitangulia, na hapo ndipo marekebisho huanzia kwa sababu huo ndio upande ambao uko mikononi mwako.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi, nikashuka hadi ile ya nadra, na nimetanguliza ukaguzi rahisi kabla ya marekebisho makubwa.

Kabla ya kurekebisha, hakikisha kuna hitilafu

Wako watu ambao hawajawahi kuandika ujumbe wa mistari mitatu tangu wanunue simu. Mjomba anayekujibu "Sawa mwanangu." hajakukasirikia, kwake kuandika kwenye simu ni kazi ya kutafuta herufi moja moja, na mambo ya maana huyasema kwa kupiga. Angalia jinsi mtu huyo anavyoandika kwenye kundi la familia au la kazini. Kama huko nako anaandika maneno mawili, basi huo ndio uandishi wake, na dawa ni kumpigia simu, wala si kumtumia maswali zaidi.

Nukta nayo imewakosesha watu usingizi bure. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walichapisha uchunguzi uliowaonyesha wanafunzi majibu ya neno moja, mengine yakiwa na nukta mwishoni na mengine bila nukta, na yale yenye nukta yalionekana kutotoka moyoni yalipokuwa kwenye ujumbe wa simu, ilhali yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi tofauti hiyo haikuonekana. Walioshiriki walikuwa wanafunzi wa chuo, na hisia hiyo naiona pia kwa vijana wa kwetu. Mwalimu mstaafu, kwa upande wake, huweka nukta kwa sababu sentensi imekwisha. Usisome hasira kwenye alama ambayo mwandishi wake aliiweka kwa mazoea.

Tatizo lipo kweli pale mtu yuleyule, aliyekuwa akikuandikia kwa urefu fulani, anapobadilika na kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Siku moja ya majibu makavu haitoshi kuwa dalili.

Dalili ya kwanza: anajibu upesi, lakini kwa neno moja

Hii ndiyo dalili inayoletwa kuliko zote, na ndiyo nyepesi kuliko zote kutibika, kwa maana mtu anayejibu upesi yupo na amekubali kukusikiliza. Kinachokosekana ni kitu cha kujibu.

Sababu ya kwanza ni salamu zetu zenyewe. Kiswahili kina utajiri wa salamu, lakini karibu kila moja ina jibu lake lililokwisha kupangwa tangu zamani. Mambo, poa. Za huko, nzuri. Unasemaje, nipo. Vipi, safi. Uso kwa uso mfululizo huu una kazi kubwa, kwa kuwa wakati midomo inasalimiana macho yanapima hali, sauti inasema kama mtu ni mzima au anaumwa, na mikono bado imeshikana. Kwenye skrini vyote hivyo vimeondolewa na yamebaki maneno matupu. Mwenzako anajibu "poa" kwa sababu lugha haikumpa jibu lingine, na baada ya salamu nne mmetumiana jumbe nane bila yeyote kusema kitu. "Niambie" ni mzito zaidi, kwa kuwa humkabidhi mwenzako kazi yote ya kutafuta la kuzungumza, naye hukurudishia kazi hiyo kwa "nipo tu".

Sababu ya pili ni maneno ya heshima yanayofunga mlango bila sisi kukusudia. Pole hujibiwa asante au nimeshapoa. Hongera hujibiwa asante. Ukiandika "pole sana" ukaishia hapo, umetimiza adabu, na mazungumzo nayo yamekamilika. Mwenzako akiongeza neno atajiona anakulazimisha. Pole inahitaji kufuatiwa na jambo linalohusu kile hasa unachompa pole.

Sababu ya tatu ni maswali yanayotosheka kwa ndiyo au hapana. "Umekula?" ni swali la upendo, na mama zetu wametulea kwalo, lakini likirudiwa kila siku saa ileile linageuka kuwa kengele. Anayeulizwa anajua hutaki kusikia alichokula.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa kuwa sababu zote tatu zilikutana humo. Kijana mmoja fundi wa kuchomelea, mkazi wa Morogoro, alikutana na muuguzi kwenye harusi ya binamu yake, wakapeana namba. Yule dada anafanya kazi Dodoma. Wiki mbili za mwanzo walichati vizuri, maana walikuwa na harusi ya kuizungumzia: nani alicheza, nani alichelewa, chakula kilivyopungua meza za nyuma. Harusi ilipokwisha kusimuliwa, majibu yakakauka. Aliponiletea simu nilimwomba tuhesabu jumbe zake ishirini za mwisho. Kumi na nne zilikuwa salamu, "umekula?" au "umeamkaje". Mbili zilikuwa stika. Kisha tukafika mahali hapa, siku tano nyuma:

Dada: *Leo nimeshinda nimesimama, wagonjwa walikuwa wengi mno, miguu imevimba*
Kijana: *Pole sana mamii. Umekula?*
Dada: *Ndio*
Kijana: *Sawa. Upumzike*
Dada: *Haya*

Nilimwomba ausome ule ujumbe wa kwanza kwa sauti. Ulikuwa na mambo matatu ndani yake: kazi ya siku nzima, wagonjwa wengi kuliko kawaida, na miguu. Dada yule alikuwa amefungua mlango akaacha wazi, na kijana alipita nje akitoa salamu. Tangu siku hiyo hakuwahi tena kusimulia siku yake. Kijana aliguna akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyeua." Sikubaliani naye kwamba aliua, lakini ni kweli hakuingia.

Hapa ndipo penye marekebisho. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi ambamo watu wasiojuana walichati kwa dakika 15. Baadhi waliagizwa kuuliza maswali yasiyopungua 9 na wengine yasiyozidi 4, na waliouliza zaidi walipendwa zaidi na wale waliochati nao. Lililonigusa zaidi kwenye matokeo hayo ni aina ya swali: lililofanya kazi hasa ni swali la kufuatilia, yaani linalozaliwa na kile ambacho mwenzako amekisema sasa hivi. Swali linalorukia mada mpya halina nguvu hiyo, kwa sababu halionyeshi kwamba ulisikia.

Kwa hiyo, badala ya kutafuta mada mpya, rudi juu kwenye mazungumzo utafute mahali ambapo mwenzako alisema kitu chake mwenyewe ukakipita. Ushikilie ujumbe huo kwa kidole, chagua kuujibu, ili unukuliwe juu ya maneno yako naye aone unazungumzia nini. Kijana wetu aliunukuu ule ujumbe wa siku tano nyuma, akaandika: *Hili sikukuuliza vizuri siku ile. Mlikuwa wodi gani mpaka mkashinda mmesimama? Mimi nilidhani zamu ya asubuhi ndiyo nyepesi.*

Angalia jinsi ulivyojengwa. Umekiri kwa maneno machache kwamba jambo lilipitwa, bila kuomba msamaha wa kurasa mbili. Umeuliza kitu kimoja chenye jibu la kueleza. Na umemalizia na dhana ya kijana mwenyewe ambayo huenda si sahihi, jambo linalompa mwenzake nafasi ya kumsahihisha. Watu wengi wanaojua kazi yao hawawezi kuiacha dhana potofu kuhusu kazi hiyo ipite. Dada alijibu baada ya saa mbili kwa jumbe tano mfululizo. Alikuwa wodi ya wazazi, na kwa maelezo yake asubuhi ndiyo zamu ngumu kwa sababu ndiyo saa ya madaktari kupita, ya kuruhusu wagonjwa wanaoondoka na kupokea wanaoingia. Kisha yeye mwenyewe akauliza kama kuchomelea hakuumizi macho.

Kama hakuna ujumbe wa zamani wa kurudia, toa kwanza kitu chako kabla ya kuuliza, na kiwe kidogo chenye umbo. "Siku yangu ilikuwa nzuri" hakishikiki. "Leo mteja ameleta geti la kuchomelea, nikakuta ndani ya bomba nyuki wamejenga" kinashikika, na hata mtu aliyechoka ana la kusema juu yake.

Dalili ya pili: majibu yanachelewa, na kila wiki yanazidi kufupika

Hapa usikimbilie maneno. Anza na saa.

Pandisha mazungumzo ya wiki tatu nyuma uangalie majibu marefu yalikuja saa ngapi. Watu wana dirisha lao la kuchati: kuna anayechati akiwa kwenye daladala kurudi nyumbani, kuna anayesubiri watoto walale, kuna anayefanya hivyo saa ya chai. Maisha yakibadilika, dirisha linahama, na wewe ukiendelea kuandika saa ileile ya zamani utakuwa unamkuta kazini. Kijana wa Morogoro alikuwa na hitilafu hii pia. Alizoea kuandika saa moja jioni akimaliza kufunga karakana, na mwezi ule dada alikuwa na siku nyingi za zamu ya usiku, na siku hizo saa moja jioni ndiyo saa aliyokuwa akivaa sare. Hakuwahi kumuuliza ratiba yake. Swali "wiki hii uko zamu gani?" lingemwokolea majuma mawili ya mashaka.

Sababu inayofuata ni bando, na watu huona aibu kuitaja. Mwenye kifurushi cha siku huwasha data, hupokea, hujibu mawili matatu na kuzima. Ukimtumia video ya dakika tatu na voisi nne, umemlia kifurushi chake kabla hajakujibu. Dalili yake ni kwamba jumbe zako hukaa na tiki moja kwa saa nyingi, kisha zote zinafika kwa pamoja, anajibu kwa ufupi na kupotea tena. Mtumie maandishi kwa siku tatu uone kama kuna mabadiliko. Kama ana simu anayoweza kupokelea, piga ya kawaida mara moja kwa wiki, dakika kumi, nayo itafanya kazi ya jumbe mia.

Ujumbe wa sauti nao una tatizo lake. Wewe unaona umempa sauti yako, jambo jema. Yeye yuko kwenye basi, ofisini au karibu na mama mkwe, na hana earphone. Anasubiri mpaka apate faragha, akipata ameshasahau, akisikiliza anakuta dakika tano zenye mambo saba na anajibu la mwisho tu. WhatsApp iliongeza uwezo wa kusikiliza kwa kasi kubwa zaidi mwaka 2021, lakini kasi haiondoi tatizo la mahali. Mimi huwashauri watu wasizidi dakika moja, na kabla ya voisi waandike mstari mmoja unaosema inahusu nini. Kumbuka pia kwamba alama ya kipaza sauti hugeuka bluu anapoifungua, hata kama amezima tiki za bluu za maandishi, kwa hiyo ukitaka kujua kama imesikilizwa angalia hapo kabla ya kuuliza.

Inayofuata ni wingi. Mtu akifungua simu akakuta jumbe kumi na mbili zako, kila moja ikiwa na mstari mmoja, anaona deni. Hajui aanze na lipi, anajibu lile rahisi, na lile zito ulilokuwa unalisubiri linabaki. Ukaguzi ni rahisi: tazama skrini moja nzima ya mazungumzo. Kama upande wako una jumbe saba na wake mmoja, acha kuandika mpaka yeye aandike, kisha jibu kwa urefu unaokaribiana na wake. Unganisha mawazo yako kwenye ujumbe mmoja wenye jambo moja.

Sababu ya nadra zaidi ni kwamba mada imekwisha. Watu wawili waliokutanishwa na mtihani, safari au harusi huzungumza juu ya kitu hicho hadi kimalizike, na baada ya hapo wanahitaji jambo jipya la pamoja. Kuulizana maswali hakutoshi hapa. Fanyeni kitu: kupika chakula kilekile Jumapili kila mmoja kwake na kutumiana picha ya sufuria, kufuatilia mechi moja huku mnaandikiana, kusoma sura moja ya kitabu kwa wiki. Dada wa Muskati na mdogo wake niliowataja mwanzo waliokolewa na jambo la namna hii. Mdogo alianza kumtumia kila Ijumaa picha moja ya nyumbani, ukuta uliopakwa rangi, mwembe ulioanza kutoa maua, na dada akawa na la kuuliza kila wiki.

Dalili ya tatu: anajibu vizuri, lakini haulizi kitu

Hii huumiza kimyakimya, kwa sababu gumzo linaendelea huku mmoja akihisi yeye ndiye anayelisukuma peke yake. Sababu ya kawaida ni kwamba umekuwa mhoji. Umeuliza maswali mengi mfululizo bila kutoa chako, na mwenzako amejifunza kwamba kazi yake ni kujibu. Katika kila jumbe tatu, moja iwe ya kusimulia bila swali mwishoni, kisha subiri. Ukimya wa saa kadhaa baada ya hapo si kosa. Unampa nafasi ya kuuliza.

Wengine wamelelewa kuamini kwamba kumhoji mtu ni utovu wa adabu, hasa mtu mkubwa kwao au wa jinsia nyingine. Kwa hao, mwambie wazi: "Na wewe niulize chochote, sina shida." Na ikiwa umejaribu yote mawili kwa wiki mbili au tatu na bado hajawahi kuuliza hata hali ya mgonjwa uliyemtajia, basi umepata taarifa kuhusu kiasi anachojali. Sijaona mbinu ya kuandika inayobadilisha hilo.

Dalili ya nne: alibadilika ghafla, siku moja

Gumzo linalokufa polepole lina uchovu ndani yake. Linalokatika siku moja lina tukio. Tafuta ujumbe wa mwisho kabla ya mabadiliko na usome kama vile umeandikiwa wewe.

Mara nyingi utakuta "mbona". Mbona kimya, mbona hujibu, mbona uko onlaini halafu hunijibu, umenichunia? Swali la "mbona" ni shitaka, na anayeshitakiwa hujitetea kwa maneno machache: "hamna", "niko bize". Ukilirudia, anaanza kukuogopa kila anapochelewa, na kadiri anavyoogopa ndivyo anavyochelewa. Tena ushahidi wenyewe ni dhaifu. Mtu anaweza kuonekana onlaini akijibu kundi la kazini, anaweza kusoma ujumbe wako kwenye arifa bila tiki kugeuka bluu, na tiki za bluu zinaweza kuwaka kwa sababu mtoto alikuwa anachezea simu.

Ukilikuta "mbona" lako, lifute kwa ujumbe mmoja wa kukiri usiodai jibu: *Juzi nilikubana kuhusu kuchelewa kujibu. Haikuwa haki, najua una mambo mengi. Ukipata nafasi tutaongea.* Kisha nyamaza kweli. Watu wengi huharibu hapa kwa kuuliza kesho yake kama ujumbe huo umesomwa.

Sababu nyingine ni utani uliokwenda vibaya, kwa kuwa maandishi hayabebi sauti ya kicheko. Kuna pia kuomba fedha mapema, au kuomba picha. Na kuna sababu zisizokuhusu kabisa: msiba, ugonjwa, kuachishwa kazi. Ndiyo maana ni vyema kumwuliza mtu wa karibu yenu nyote, kwa upole, kama mwenzenu ni mzima, kabla ya kuhesabu umeachwa.

Dalili ya tano: tiki moja isiyoongezeka

Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umeondoka kwako na haujafika kwake. Anza na yaliyo rahisi: simu imezimika, hana bando, yuko mahali pasipo mtandao, amebadilisha namba. Subiri siku mbili, kisha piga simu ya kawaida, ile ya laini. Kama amekuzuia, kwa kawaida tiki itabaki moja, huoni muda wa mwisho alipoonekana, huoni picha yake ikibadilika, na simu ya WhatsApp haifiki; lakini kila moja ya ishara hizo ina maelezo mengine, na hata zikiwa pamoja hazitoi uhakika kamili. Ukiona amekuzuia kwa makusudi, usitafute laini nyingine ya kumwandikia. Hilo linatupeleka kwenye sehemu ya mwisho.

Wakati wa kuweka simu chini, na wakati wa kuita msaada

Mtu akisema hapana, akisema naomba unipe nafasi, au akikuzuia, marekebisho yote yaliyotangulia yanakoma. Asipojibu kabisa, kipimo changu ni kumwandikia mara mbili tu, kukiwa na angalau wiki moja kati yake. Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha au kumsumbua mtu, na anayetuma jumbe kila siku kwa laini tofauti asijidanganye kwamba ni mapenzi. Ikiwa wewe ndiye unayesumbuliwa hivyo, usifute jumbe. Zipige picha skrini zikiwa na tarehe na namba, kisha uende polisi.

Acha pia mara moja ikiwa majibu mafupi yameanza ghafla pamoja na mwandiko usio wa mwenzako na ombi la fedha, au la namba ya siri yenye tarakimu 6 iliyoingia kwenye simu yako. Hapo huenda akaunti imetekwa na unachati na mtu mwingine. Usijibu chochote kwa maandishi. Mpigie mwenye namba kwa simu ya kawaida usikie sauti yake, na usimpe mtu yeyote zile tarakimu, kwani ndizo zinazofungua akaunti yako wewe kwenye simu nyingine. Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa meseji ya kawaida unaweza kuutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa kazi hiyo.

Lililo zito kuliko yote ni ufupi wa mtu aliyekata tamaa. Huu una sura yake. Majibu yanakuwa mafupi kwa watu wote, wala si kwako peke yako. Mtu anajitoa kwenye makundi, anaacha mambo aliyokuwa akiyapenda, na katikati ya ukavu huo linaponyoka neno kama "nimechoka na maisha", "bora nisiwepo" au "mtanikumbuka". Ukiliona, usijibu kwa stika, usijibu kwa "pole, Mungu yupo" ukalala, wala usianze kutafuta maneno mazuri ya kuandika. Piga simu sasa hivi. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake kwenye laini huku ukimtafuta mtu aliye karibu naye kwa miguu: ndugu, jirani, mwenye nyumba, anayekaa naye chumba kimoja. Huyo ndiye wa kumfikia, kukaa naye, kuondoa sumu au dawa zilizo karibu, na kumpeleka hospitali usiku huohuo bila kungoja asubuhi. Kama ni mtoto au kijana aliye chini ya miaka 18, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo, Tanzania na Kenya pia. Na ukishafika hospitali au ukishazungumza na aliyefika, mweleze mhudumu maneno yaleyale uliyoandikiwa, ikiwezekana umwonyeshe simu, kwa sababu mgonjwa akifika mbele ya daktari mara nyingi husema yuko salama.